Mlango wa Uhuru

Kenya na Tanganyika zilikuwa nchi jirani, na zote mbili zilitawaliwa na Waingereza. Hata hivyo Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 pasipo vita, na Kenya ikaupata tarehe 12 Desemba 1963 baada ya damu nyingi kumwagika. Wako wanaodhani kuwa watu wa nchi moja walikuwa wapole na wa nchi ya pili wakali. Fikira hiyo haina msingi, maana hata Tanganyika kulikuwa na walionyang'anywa ardhi.

Mwaka 1951 Serikali ya Tanganyika iliwafukuza Wameru kiasi cha 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili nchi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zao zilichomwa moto. Lakini Wameru walikuwa na mahali pa kushitaki, kwani Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kutoa malalamiko yao. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, bali njia ilikwisha julikana, na mwaka 1955 Julius Nyerere aliifuata kwa niaba ya TANU. Walowezi wa Tanganyika walikuwa wachache mno, hata hawakuweza kuizuia Serikali isipatane na Waafrika.

Kenya mambo yalikuwa mengine. Nyanda za juu zenye rutuba zilitengwa kwa ajili ya Wazungu peke yao. Tangu mwaka 1920 walowezi walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia humo mpaka mwaka 1944, naye aliteuliwa na Gavana. Aliyepoteza shamba hakuwa na mlango wa kubisha ila ule uliolindwa na walionufaika na shamba lile. Ndipo wengine walipoingia msituni, na tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ikatangaza Hali ya Hatari.

Kwa silaha Mau Mau walishindwa; Dedan Kimathi alikamatwa mwezi wa Oktoba 1956. Lakini walowezi hawakuwa na jeshi lao wenyewe, na London iliona gharama ya kuwalinda kuwa kubwa mno. Kwa hiyo katika mkutano wa Lancaster House, mwezi wa Januari 1960, ilikubali Waafrika wawe wengi barazani, ingawa walowezi wengi walipinga.

Rhodesia ya Kusini walowezi walijitawala tangu mwaka 1923, wakawa na majeshi yao. London haikuweza kuwaamuru, na vita viliendelea mpaka mwaka 1979. Basi ukitaka kujua kwa nini nchi fulani ilipigana, uliza kwanza ni nani aliyeshika ufunguo wa mlango.