Nani kaandika ile video?

Wadau, juzi nimekaa stendi ya Bweri nasubiri gari la Bunda. Jamaa wa pembeni yangu kafungua simu, anaangalia video ya Mwalimu Nyerere. Sauti nzito, muziki wa huzuni kwa mbali. Mara nikasikia: "Mwaka 1934, shule ya Mwisenge haikuwa na mwanafunzi anayeitwa Julius." Nikacheka peke yangu. Sentensi hiyo niliiandika mimi, hapa hapa Musoma. Jina langu halimo popote kwenye ile video.

Tulifikaje hapa, mtu wa Bweri kuandika na mwingine kumiliki? Historia yake ni fupi.

YouTube ilianza 2005, na kwa miaka ya mwanzo video ilisukumwa mbele kwa idadi ya waliobonyeza. Picha kali na kichwa cha kutisha vilitosha. Mwaka 2012 hesabu ikabadilika, wakaanza kupima muda ambao mtu anakaa akitazama. Hapo ndipo mwandishi akapata kazi. Mwenye chaneli anaoneshwa mstari wa watazamaji waliobaki kila sekunde, na ukiporomoka ndani ya nusu dakika ya kwanza, anayepigiwa simu ni mwandishi.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ni lazima imnase mtu. Ningeweza kuanza na "Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922". Ni kweli, lakini kila mtu anajua. Hiyo ya Mwisenge inamfanya msikilizaji aulize: si alisoma pale? Alisoma, ila kwa jina la Kambarage. Jina la Julius alilipata alipobatizwa Desemba 1943.

Na hiyo sentensi sikuibuni kitandani, niliipata kwenye utafiti. Video kibao zinasema "kijana Julius akaanza shule Mwisenge", maana zinanakiliana. Dawa yake ni kupanga matukio kwa miaka kwenye karatasi kabla ya kuandika. Nilipoweka 1934 juu na 1943 chini, kosa likajionesha lenyewe. Ukikuta video tano zina maneno yale yale, hesabu kwamba una chanzo kimoja, siyo vitano.

Urefu nao una historia. Mwaka 2020 YouTube ilishusha kiwango cha video inayoweza kuwekewa matangazo katikati, kutoka dakika 10 hadi 8. Tangu hapo wenye chaneli wengi wanaagiza "dakika nane na kidogo". Kwa usomaji wa taratibu mimi nahesabu maneno 115 kwa dakika, kwa hiyo naandika kama 1,000. Swali la jina nililifungua mwanzoni, nikalijibu karibu na dakika ya sita. Katikati niliweka Butiama, safari ya kwenda shule, kisha Tabora. Nilipokosea ni Tabora: nilirundika miaka minne kwenye aya moja, na mstari ukashuka pale pale.

Sasa, kwa nini nisifungue chaneli yangu? Mwaka 2018 milango miwili ilibanwa. YouTube ilitaka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka kabla ya kukupa senti ya matangazo. Mwaka huo huo kanuni za maudhui ya mtandaoni zikaja na leseni ya TCRA, ambayo kuanza tu ilifika kama shilingi milioni 2. Ada zilipunguzwa baadaye, lakini wenye mtaji walikuwa wameshatangulia. Sisi tukabaki na kalamu.

Malipo yetu kwa kawaida ni ya mkupuo, skripti moja bei moja, kwa simu. Video ikitazamwa mara elfu au milioni, chako ni kile kile. Ile ya Mwisenge ilinipa shilingi 30,000, tena baada ya wiki sita, maana mwenye chaneli alisema anasubiri pesa za matangazo. Nilikosea kutuma kazi nzima kabla ya kulipwa. Siku hizi nachukua nusu kwanza, natuma ukurasa wa mwanzo auone, zilizobaki zinakwenda nusu ya pili ikiingia. Na tunaandikiana kabisa, marekebisho ni mara mbili, na jina langu liwekwe chini ya video.

Hilo la jina linawezekana. Simulizi za Ananias Edgar na Denis Mpagaze zimezoesha masikio ya Watanzania kwamba msomaji na mwandishi ni watu wawili, na wote wanatajwa.

Yule jamaa wa stendi aliitazama yote. Gari lilipofika akaniambia, "Huyu msimuliaji anajua historia, aisee." Nikamwambia ni kweli, nikapanda gari.