Ngeli: kifaru amekwama au kifaru kimekwama?

Kifaru amekwama matopeni. Kifaru kimekwama matopeni. Sentensi zote mbili ni sahihi, na mzawa wa lugha akizisikia hababaiki: wa kwanza ni mnyama mwenye pembe puani, cha pili ni gari la kivita la jeshi. Jina ni lile lile, herufi kwa herufi. Kilichobadilika ni kiambishi kilichotangulia kitenzi, a- kwa mnyama na ki- kwa gari. Mwanafunzi anayesumbuliwa na ki na vi anafaa kuanzia hapa, kwa sababu mara nyingi husumbuka kwa kulikodolea macho jina, na jina halisemi yote.

Ngeli ni kundi la majina yanayotaka upatanisho wa aina moja katika sentensi. Neno lenyewe huelezwa kuwa limetoka katika Kihaya, ambako maana yake ni aina. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wana mtindo mwingine wa kuzitaja. Huzipa namba, wakifuata njia iliyoanzishwa na Mjerumani Wilhelm Bleek katika karne ya 19, na humo ki ni ngeli ya 7 na vi ni ya 8, umoja na wingi kila kimoja na namba yake. Shuleni tunaziunganisha na kusema ngeli ya KI-VI.

Tuchukue kikombe. Kikombe changu kipya kimevunjika. Vikizidi kimoja: vikombe vyangu vipya vimevunjika. Jina limebadilika, lakini halikubadilika peke yake: limeburuta kimilikishi, kivumishi na kitenzi. Tukiendelea, tutapata kikombe hiki, kile, kimoja, chote, kilichovunjika. Na mtu aliyekiokota atasema “nimekiokota”, ki ikiwa imejichimbia katikati ya kitenzi. Huo mburuto ndio upatanisho wa kisarufi, na ndio unaoifanya ngeli iwe ngeli. Kama mambo yangeishia kwenye kikombe na vikombe tu, tungekuwa na umoja na wingi, basi.

Katika mfano huo, ki ya “changu” iko wapi? Imo. Ki ikikutana na irabu mara nyingi hugeuka ch, na vi hugeuka vy: ki-angu ni changu, vi-angu ni vyangu, ki-ekundu ni chekundu. Majina nayo hupitia mlango huo huo. Ndiyo maana chakula, chumba, chombo na choo ni ndugu wa kiti na kisu, na wingi wao ni vyakula, vyumba, vyombo na vyoo. Kanuni hii haishiki kila mahali. Kiatu, kioo na kiazi vina irabu baada ya ki na bado vimeing’ang’ania ki yao. Haya ni ya kuzoea kwa masikio.

Mtego unakuja mwanafunzi akiigeuza kanuni na kudhani kila ch ni ki iliyojificha. Akienda dukani na kuomba “vyupa viwili”, muuzaji atamwelewa, ila atatabasamu. Chupa imevunjika, chupa zimevunjika: hii ni ngeli ya I-ZI. Chai na chumvi zina i- pia: chai imepoa, chumvi imezidi. Chungwa limeoza, na wingi wake ni machungwa. Kwa hiyo njia ya kuijua ngeli ya jina usilolifahamu ni kulisikiliza likiwa na kitenzi chake. Ukisikia “kimefika”, umeshajua. Ukisikia “imefika”, achana na vi.

Hata kwenye kitenzi kuna ki inayopotosha. Sikiliza: kikombe kikianguka kitavunjika. Katika “kikianguka” ki ziko mbili, na kazi zao hazihusiani. Ya kwanza ni ya ngeli, inamtaja mtendaji. Ya pili ni ya masharti, ile ile iliyomo katika “ukija” na “mvua ikinyesha”. Zitofautishe kwa kupeleka sentensi kwenye wingi: vikombe vikianguka vitavunjika. Ki ya ngeli imekuwa vi, ki ya masharti imebaki ilipokuwa. Kuna wanaoandika “vivianguka” kwa kutaka kuwa waangalifu kupita kiasi.

Hesabu pia ina kasoro yake. Tunasema vikombe viwili, vitano, vinane, lakini vikombe sita, saba, tisa, bila vi yoyote. Hizo tatu zimetoka katika Kiarabu na hazipokei viambishi vya upatanisho. Ni hivyo hivyo kwa vivumishi kama safi na ghali: vikombe safi, si “visafi”.

Majina ya kigeni, kwa upande wao, huwa tayari kuhamia. Kitabu ni neno la Kiarabu, na huko ki yake ni sehemu ya mzizi, haina uhusiano wowote na wingi. Waswahili waliisikia ki, wakaichukulia kuwa yao, na leo tuna vitabu. Kiplefti, mzunguko wa barabarani, kimetokana na maneno ya Kiingereza yanayomwambia dereva abaki kushoto. Nacho kimepata wingi, viplefti. Lakini kilo imekataa. Ni kilo moja imetosha, kilo mbili zimetosha, na hakuna anayenunua “vilo viwili” vya sukari.

Sasa turudi kwa kifaru. Kiswahili kina kanuni inayozishinda nyingine nyingi: kiumbe hai, mtu au mnyama, hupewa upatanisho wa a- na wa-, jina lake lianze na lolote. Kipofu amefika, viongozi wamekutana, kijana yule mrefu anaongea. Kiboko akiwa mtoni ni “amelala”, na watatu ni viboko watatu; kiboko kikiwa mkononi mwa mtu mwenye hasira ni “kimekatika”, na aliyechapwa mara tatu amechapwa viboko vitatu.

Hapa ndipo vitabu vinapogombana, na mwanafunzi akisoma viwili kwa pamoja hudhani kimoja kimekosea. Kitabu kinachopanga ngeli kwa umbo la jina kitamweka kifaru mnyama pamoja na kiti, kwa kuwa umoja na wingi wake ni ki na vi. Kinachopanga kwa upatanisho kitamweka pamoja na mtu na ng’ombe, katika A-WA. Mimi nafuata cha pili. Cha kwanza kina faida kwa anayelinganisha Kiswahili na Kihaya au Kizulu, lakini anayetaka kuzungumza anahitaji kujua kitenzi kitaanza na nini, na hilo umbo la jina halimpi.

Hata hivyo kanuni ya uhai ina mlango wa nyuma. Ki huleta pia maana ya udogo, na msemaji akitaka anaweza kumpa kiumbe hai upatanisho wa ki kwa makusudi. “Kitoto kile kinalia” ni kauli ya kawaida kuhusu mtoto mchanga, nayo inaweza kuwa na huruma ndani yake. “Kijitu kile kimerudi tena” ni tusi, na kosa la sarufi halimo. Mwanafunzi aliyekwisha kuzoea kusema mtu amerudi na kiti kimevunjika ataisikia dharau hiyo mara moja.