Saa Ipi Ihesabiwe? Juu ya Mvunjiko wa Wazi na Dozi ya Kwanza ya Dawa Kisiwani Mombasa

Iko kauli katika elimu ya upasuaji ambayo mwanafunzi humrithi mwalimu wake pasipo kuuliza hati ya mirathi hiyo, nayo ni kwamba mtu aliyevunjika mfupa na ngozi ikapasuka, hata jeraha likawasiliana na mahali pa mvunjiko, hana budi kuoshwa na mpasuaji ndani ya muda wa saa sita, na muda huo ukipita basi usaha umekwisha kukadiriwa. Natija ya kauli hii ni kwamba wote wanaompokea majeruhi kabla ya mpasuaji hujihesabu kuwa wapagazi tu, ambao wajibu wao ni mbio. Nia yangu hapa ni kutoa hoja kwamba saa inayostahili kuhesabiwa si ile ya kisu, bali ni ile ya dozi ya kwanza ya kiuavijasumu. Na kwamba katika kisiwa cha Mombasa, ambako masafa ni mafupi na kungoja ni kurefu, ikhtilafu baina ya saa hizi mbili si ya wanavyuoni peke yao.

Asili ya kauli hiyo aghalabu hutajwa kuwa ni majaribio ya Friedrich wa Ujerumani, yaliyotangazwa mwaka 1898, ambamo alitia udongo na vumbi katika majeraha ya simbilisi, kisha akayakata majeraha hayo kwa nyakati mbalimbali, akaona kwamba baada ya kiasi cha saa sita kukata hakukufaa tena. Sina ugomvi na Friedrich. Ugomvi wangu ni na wale waliolichukua jaribio la mnyama mdogo, lililofanywa miongo kadhaa kabla ya penisilini kuwafikia wagonjwa, wakalifanya sharia ya mguu wa binadamu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Schenker na wenzake mwaka 2012 haukuona kwamba kuchelewa kuosha jeraha kwa saa chache, peke yake, kunazidisha maambukizo.

Upande wa dawa hali ni nyingine. Mwaka 1974 Patzakis na wenzake, huko Los Angeles, waliwagawa wagonjwa wa mivunjiko ya wazi katika mafungu: waliokosa kiuavijasumu waliambukizwa asilimia 13.9, waliopewa penisilini na streptomaisini asilimia 9.7, na waliopewa sefalothini asilimia 2.3. Utafiti huo wathibitisha kwamba dawa yafaa, wala hausemi itolewe lini. Jawabu la lini lilikaribiwa mwaka 2015 na Lack na wenzake, waliowatazama wagonjwa 137 wenye mvunjiko mzito wa goko, wa daraja la tatu katika mpango wa Gustilo, wakaona kwamba kupita dakika 66 kabla ya dozi ya kwanza kulifuatana na maambukizo zaidi. Sababu yake yafahamika: dawa husafiri ndani ya damu, na kila muda unavyopita nyama iliyopondwa hukosa damu, na vijidudu hujijengea juu ya mfupa utando ambao dawa haiupenyi kwa urahisi.

Basi na tumkadirie hamali avutaye mkokoteni akishuka kuelekea Bandari ya Kale, saa nne na nusu asubuhi, gurudumu likateleza likambana mguu kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe. Goko limevunjika, jeraha lina upana wa vidole viwili, na maji ya mtaro yameingia. Gari halipiti katika kichochoro. Atatolewa kwa machela hadi barabarani. Saa tano na dakika tano amefika hospitali. Mpaka hapa zimepita dakika 35 tu, na mwenye kuamini saa sita atatulia moyo. Lakini huandikishwa, akangoja eksirei, akangoja tabibu aisome picha, akangoja kitanda, na dawa ikaandikwa na mpasuaji ajapo saa nane. Hakuna aliyekosa bidii, na bado zimekwisha saa tatu na nusu. Ucheleweshaji wake haukuwa njiani, ulikuwa ndani ya lango.

Sasa tuipange upya kadhia hiyo. Pale kichochoroni damu huzuiwa kwa kukandamiza jeraha kwa kitambaa safi. Ikiwa inafoka na haizuiliki, ndipo hukazwa ukanda juu ya jeraha, na saa ya kukazwa kwake huandikwa. Kisha hutazamwa wayo: je, una joto, una rangi, mshipa wa juu yake wapiga, na vidole vyahisi mguso? Mguu uliopinda na wayo ukawa baridi huvutwa taratibu kwa kuufuata urefu wake mpaka unyooke, kisha hutazamwa tena. Mfupa uliochomoza hausukumwi ndani kwa kidole. Ukirudi wenyewe wakati wa kunyoosha, mpasuaji aambiwe, kwa kuwa umeingia na uchafu wake.

Jeraha huondolewa takataka kubwa tu, kwa mkono wenye glavu. Hufunikwa kwa shashi iliyolowa maji ya chumvi ya dripu, juu yake utando safi wa plastiki, kisha bendeji. Halimwagiwi spiriti wala iodini, ambazo huua chembe hai za nyama pamoja na vijidudu. Tena hupigwa picha kwa simu kabla ya kufungwa, ili kila ajaye atazame picha asifungue jeraha; kwani kila kufungua ni kuvikaribisha vijidudu vya wodini.

Banzi la goko hutoka katikati ya paja mpaka wayoni, likazuia goti na kifundo pamoja. Boriti mbili nyembamba za mkoko zilizovingirishwa leso zatosha, maadamu pamewekwa pamba au nguo kifundoni na ubavuni mwa goti upande wa nje, ambako neva hupita karibu sana na ngozi na hulemazwa kwa kubanwa. Baada ya kufunga, wayo hutazamwa mara ya tatu. Banzi lililoondoa mpigo wa mshipa halina budi kulegezwa.

Ndipo tufike kwenye kiini. Jeraha lililowasiliana na mfupa hujulikana kwa macho, halingoji eksirei. Kwa hiyo muuguzi wa mapokezi, kwa agizo la kudumu lililokwisha kutiwa saini, atie kanyula na kumpa mtu mzima sefazolini gramu 2 mshipani, baada ya kumuuliza juu ya mzio, pamoja na kinga ya pepopunda. Hamali wetu angeipata saa tano na robo, dakika 45 baada ya ajali. Kwa mtu wa Likoni suala ni zito zaidi: dozi itolewe katika kituo cha kwanza, kabla ya kungoja feri.

Watasema kwamba utafiti wa Lack si wa kupiga kura, na ni wa hospitali moja. Ni kweli, tena zimo tafiti zisizoona tofauti ya saa. Lakini gharama ya kukosea si sawa pande mbili: dozi moja iliyotolewa mapema haina madhara makubwa kwa asiye na mzio, ilhali usaha wa mfupa huweza kumla mtu miaka. Watasema pia kwamba tutazidisha usugu wa vijidudu. Nami najibu kwamba usugu hulelewa na siku nyingi za dawa baada ya upasuaji, si kwa kuitanguliza dozi ambayo ingetolewa hata hivyo.

Wala sidai kwamba dawa yaondoa haja ya kisu. Nyama iliyokufa haina damu ya kuipelekea dawa, na mguu uliovunjika wazi waweza bado kuvimba ndani ya vifuko vya misuli, dalili yake ikiwa ni maumivu yazidiyo kila vidole vikinyooshwa. Huyo ni wa kuwahishwa mno. Ninalodai ni kwamba karatasi ya kumhamisha majeruhi iandikwe saa mbili juu kabisa, ya ajali na ya dozi ya kwanza, na hospitali ijihukumu kwa tofauti iliyo baina yake.