Heroe Ndani ya Pikseli 16: Kwa Nini Ikoni Ndogo Huchorwa Upya

Ikoni ya programu au ya tovuti huchukuliwa mara nyingi kuwa mchoro mmoja unaokuzwa na kupunguzwa kulingana na mahali unapoonekana. Dhana hiyo inafaa kwa ukubwa wa juu, lakini haifai kwa favikoni, yaani alama inayokaa kwenye kichupo cha kivinjari kando ya jina la ukurasa, ambayo tangu ilipoletwa na Internet Explorer 5 mwaka 1999 imeendelea kuchorwa katika mraba wa pikseli 16 kwa 16. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba katika ukubwa huo hakuna mchoro wa kupunguza, bali kuna mchoro mpya wa kuchora, na kwamba kazi ya mkono inayohitajika ni ndogo kuliko inavyodhaniwa iwapo mchoraji atajua ni wapi aiweke.

Uchukuliwe mfano wa mchoraji aliyepewa kazi ya kutengeneza ikoni ya tovuti ya waongoza watalii wa Nakuru. Alama itakayomjia kwanza ni heroe, yaani flamingo. Ni kweli kwamba tangu maji ya Ziwa Nakuru yalipoanza kupanda na kupunguza makali ya magadi, heroe wengi wamekuwa wakihamia Ziwa Bogoria, lakini sura ya ndege huyo bado ndiyo inayoutambulisha mji. Kwa mtengeneza ikoni, hata hivyo, heroe ni mtihani mgumu, kwa kuwa utambulisho wake wote umo katika vitu vyembamba: shingo iliyopinda, mdomo uliokunjwa kuelekea chini, na mguu mmoja mrefu anaosimamia.

Tuseme mchoro mkubwa umechorwa kwa vekta, yaani kwa mistari inayohifadhiwa kama vipimo na si kama nukta, katika mraba wa vizio 512, na mguu umepewa upana wa vizio 16 na kuwekwa katikati kabisa, kuanzia 248 hadi 264. Mchoro huo ukipunguzwa hadi pikseli 32, kila vizio 16 huwa pikseli moja, hivyo mguu unapaswa kuwa na upana wa pikseli moja kamili. Lakini mguu huo sasa unaanzia 15.5 na kuishia 16.5, maana yake unakanyaga nusu ya pikseli moja na nusu ya jirani yake. Kompyuta haiwezi kuwasha nusu ya pikseli, kwa hiyo inachanganya rangi ya mguu na ya mandharinyuma, utaratibu unaoitwa ulainishaji wa kingo, na badala ya mstari mmoja mkali inatoa miwili iliyofifia. Mchoraji akiusogeza mguu vizio 8 kuelekea kulia, uanzie 256 na kuishia 272, unaingia katika pikseli moja bila kugusa nyingine. Ndege anaonekana kwenda upande kidogo katika mchoro mkubwa, na jambo hilo halimsumbui mtu yeyote. Katika mchoro mdogo ndilo linalompa mguu.

Marekebisho hayo hayatoshi kwa pikseli 16, kwa sababu humo mguu una upana wa nusu pikseli popote unapowekwa. Hasara yake inaweza kupimwa. Waridi iliyokolea ya #D6336C juu ya nyeupe ina uwiano wa mng'ao wa takriban 4.6 kwa 1, ilhali kiwango kinachotumiwa sana kwa michoro yenye maana ni 3 kwa 1. Nusu ya waridi hiyo ikichanganywa na nusu ya nyeupe, uwiano unashuka hadi karibu 2.2, na mguu ulioachwa katikati, ambao hupata robo tu ya kila pikseli kati ya mbili, unabaki na 1.4 hivi. Kwa jicho la msomaji, ndege huyo hana mguu. Ni doa la waridi linaloelea.

Mchoro wa pikseli 16 kwa hiyo huanza upya kwa swali la nini kibaki. Mguu hupewa pikseli moja kamili yenye rangi kamili, na kwa kuwa 16 ni namba shufwa, hakuna safu ya katikati. Mchoraji huchagua ya nane au ya tisa na kuupanga mwili kuufuata mguu, si kinyume chake. Shingo hupewa pikseli mbili, maana mpindo wa pikseli moja huvunjika na kuwa ngazi. Nafasi iliyo wazi kati ya shingo na mwili inahitaji uangalifu kuliko kitu chochote kingine: iwapo ilikuwa vizio 40 katika mchoro mkubwa, sasa ni pikseli 1.25, ambazo huzibwa na rangi iliyochanganyika, kwa hiyo hupanuliwa hadi mbili kamili hata kama mwili utapungua. Jicho, manyoya na mguu uliokunjwa huondolewa. Mdomo hubaki, kwa pikseli mbili za wekundu mzito unaokaribia weusi, kwa kuwa mdomo mzima mweusi-mwekundu ndio unaomtofautisha heroe mdogo, aliyelipa Ziwa Nakuru sifa yake, na heroe mkubwa mwenye mdomo mwangavu uliotiwa weusi nchani tu.

Wapo wanaosema kwamba skrini za leo, zenye pikseli nyingi katika eneo dogo, zimeiondoa haja ya kazi hii. Kwenye skrini ambayo uwiano wake wa pikseli ni 2, kichupo hutumia kweli picha ya pikseli 32. Lakini kwenye laptopu yenye skrini ya 1366 kwa 768 iliyowekwa asilimia 100, kama zile ambazo bado zinatumika katika saiba na ofisi nyingi za Bonde la Ufa, pikseli 16 ni pikseli 16, na huyo ndiye msomaji ambaye hoja ya skrini mpya inamsahau.

Kwa simu tatizo ni jingine, nalo halihitaji maelezo marefu: tangu Android 8.0 ikoni huchorwa katika mraba wa vizio 108, simu ikaukata kwa umbo inalolitaka, na ni duara la kipenyo cha 66 pekee lililo salama. Heroe mrefu hukatwa miguu asipofupishwa.

Michoro ya mkono ikishakamilika, huunganishwa katika faili moja ya ICO, ambayo inaweza kubeba picha kadhaa. Kwa ImageMagick, amri ya pili ikiwa ya kuhakiki yaliyomo:

```
magick heroe-16.png heroe-32.png heroe-48.png favicon.ico
magick identify favicon.ico
```

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hupotea. Chaguo la `icon:auto-resize` hutengeneza ukubwa wote kwa kupunguza picha moja, na hivyo kufuta kila kilichorekebishwa. Vilevile, tovuti inayotoa pia favikoni ya SVG inakiruhusu kivinjari kuichagua hiyo na kuipunguza kwa hesabu. Uhakiki wa kweli ni kupiga picha ya skrini, kuikuza mara nane bila kulainisha, na kutazama safu ya mguu: ikiwa na rangi kamili kutoka juu hadi chini, iliyoonyeshwa ni picha ya mkono, lakini rangi hafifu zikionekana ndani yake au pembeni mwake, ni nakala iliyopunguzwa.

Mpaka wa njia hii unaonekana pale Windows inapowekwa asilimia 125, kwa kuwa kichupo huhitaji pikseli 20 na picha ya 32 ikipunguzwa huupa mguu pikseli 0.625. Ukubwa wa 180 na zaidi unaweza kuachiwa mashine bila hasara inayoonekana, kwa hiyo saa inayookolewa huko ndiyo itumike kuchora picha ya 20, kabla hata ya kuifikiria ya 48.