Upeo wa Pakiti: Tovuti Moja Yafunguka, Nyingine Yakwama

Nyumbani kwangu video zilicheza bila kusita, na kipima kasi kilionyesha namba nzuri. Lakini tovuti ya benki ilizunguka nusu dakika kabla ya kufunguka, na barua pepe yenye kiambatisho haikutoka kabisa. Laini mbovu ingeathiri kila kitu. Hapa palikuwa na ubaguzi, na tatizo la namna hii mara nyingi hutoka kwenye herufi tatu zilizojificha ndani ya mipangilio ya ruta: MTU.

Baadhi ya watu huzitafsiri kuwa “kipimo cha juu cha usafirishaji”. Tafsiri hiyo inapotosha, kwa sababu msomaji hudhani inazungumzia kasi. Kinachopimwa ni ukubwa wa juu wa pakiti moja, kwa baiti, ambayo njia inaweza kuipitisha bila kuikata. Mimi napendelea “upeo wa pakiti”. Kuna pia MSS, yaani kiasi cha data kinachobaki baada ya kuondoa vichwa vya IP na TCP, na hiyo naiita “upeo wa shehena”. Kwa kawaida vichwa hivyo viwili huchukua baiti 40, kwa hiyo upeo wa pakiti ukiwa 1500, shehena haizidi 1460.

Namba 1500 ni ya itheneti, na kompyuta nyingi huanzia hapo. Ila laini yangu huingia kwa PPPoE, ambayo huongeza baiti 8 zake juu ya kila pakiti, hivyo inayobaki ni 1492. Kompyuta haijui hilo. Inapofungua mazungumzo na seva huitangazia upeo wa shehena wa 1460, na seva inaamini.

Salamu za mwanzo ni pakiti ndogo, zinapita bila shida. Kisha seva inatuma cheti chake cha usalama, ambacho hujaza pakiti hadi 1500, zikiwa na alama ya kukataza kukatwa. Zinafika kwenye kifaa cha mtoa huduma, pale njia inapobana, na zinatupwa. Kifaa hicho hurudisha ujumbe wa ICMP kuiambia seva ipunguze ukubwa. Seva ikiupata, kila kitu huenda sawa. Lakini wasimamizi wengine wa seva huzuia ICMP yote kwa hofu ya mashambulizi, basi seva hubaki kutuma upya pakiti ileile isiyopita. Baadhi ya seva hatimaye hubahatisha ukubwa mdogo zenyewe, ndiyo maana ukurasa wa benki ulichelewa badala ya kufa.

Video je? Tovuti nyingi kubwa hutumia QUIC, ambayo huanza na pakiti za baiti 1200 na kuendelea kidogo juu ya hapo. Pakiti zake zikiwa chini ya 1492, haina habari na mbano huo.

Kuthibitisha ni rahisi. Kwenye Windows nilituma pakiti isiyoruhusiwa kukatwa:

```
ping -f -l 1472 1.1.1.1
ping -f -l 1464 1.1.1.1
```

Ya kwanza ilikataliwa, ya pili ikajibiwa. Namba unayoandika ni ya shehena pekee. Kichwa cha IP ni 20 na cha ICMP ni 8, kwa hiyo 1464 na 28 ni 1492. Kwenye Linux amri ni `ping -M do -s 1464 1.1.1.1`. Kama hata 1464 imegoma, shuka taratibu hadi ijibiwe, kisha ongeza 28. Mwenye VPN huenda akakuta namba ndogo zaidi, kwani nayo huongeza vichwa vyake.

Ukishaijua namba, usikimbilie kubadilisha kila kompyuta na simu. Kwenye ruta, weka MTU ya upande wa intaneti kuwa namba hiyo, kwangu 1492, kisha washa kipengele ambacho mara nyingi huandikwa “MSS clamping”. Nakiita “kubana shehena”. Ruta huchungulia salamu za TCP zinazopita na kupunguza 1460 kuwa 1452, hivyo seva haitumi tena pakiti isiyopita, hata kama ICMP imezuiwa. Kwenye ruta ya Linux ni mstari mmoja:

```
iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu
```

Mstari huo ni wa IPv4. IPv6 inahitaji wake, kwa `ip6tables`. Na usishushe MTU chini ya 1280 ukidhani unajihami, maana IPv6 haikubali njia iliyo chini ya hapo. Kubana shehena hakugusi chochote kisicho TCP, kwa hiyo mchezo wa mtandaoni unaotumia UDP na kutuma pakiti kubwa utaendelea kusumbua.

Baada ya mabadiliko hayo, benki yangu ilifunguka papo hapo. Kile kiambatisho nacho kiliondoka siku hiyohiyo.