Kutoka mahojiano hadi makala: maneno ya msemaji yasipotee njiani

Wasikilizaji wengi huturekodia mazungumzo kwa simu na kututumia: babu anaeleza jinsi kisima kilivyochimbwa, mama anaeleza kilimo chake. Wengine huuliza kwa nini, mazungumzo yakishaandikwa kuwa makala, mara nyingine msemaji hujisoma na kusema, "Haya mimi sikuyasema." Hapa tunaeleza kazi inayofanyika kati ya rekodi na makala, na mahali inapoharibika.

Hatua ya kwanza ni kuandika kila kilichosemwa, neno kwa neno, pamoja na "eeh", vicheko na maswali yetu wenyewe. Saa moja ya mazungumzo inaweza kumchukua mtu saa nne au zaidi kuiandika. Kila baada ya dakika chache andika muda wa rekodi pembeni, ili ukitilia shaka sentensi uweze kurudi kuisikiliza. Maandishi hayo ghafi hayaguswi tena. Unayoyafanyia kazi ni nakala yake.

Tuchukue mfano. Tumeutunga wenyewe ili asitambulike mtu, lakini unafanana na mengi tunayoyapokea. Mama mkulima wa zabibu, jirani na Msalato kwenye barabara ya kwenda Arusha, anaulizwa kuhusu soko. Maandishi ghafi yanasomeka hivi:

"Mwaka ule, sijui ni ule wa mvua nyingi au uliofuata, tulivuna, eeh, tulivuna vizuri. Yule mnunuzi akaja, yaani akaja akasema kesho nakuja na gari. Kesho ikapita. Keshokutwa ikapita. Zabibu, mwanangu, haikungoji. Wengine walisema amepata za bei rahisi kule, mimi sikumwona. Basi nika, nikauza kwa ndoo, barabarani. Nilipata, yaani nilipata kidogo tu, lakini ada ya mtoto ililipwa. Si kwamba nalalamika."

Mwandishi mwenye haraka anaweza kuyageuza kuwa hivi: "Mnunuzi alitutelekeza baada ya kupata zabibu za bei nafuu kwingine, jambo lililonisababishia hasara kubwa." Kiswahili chake hakina kosa. Lakini mama alisema kwamba wengine ndio waliosema, na kwamba yeye hakumwona. Sasa amefanywa shahidi wa jambo asilolishuhudia, tena juu ya mtu ambaye huenda msimu ujao akarudi kununua zabibu kwake. "Hasara kubwa" ni maneno ya mwandishi. Ada iliyolipwa haionekani, na "si kwamba nalalamika" imefutwa ili alalamike. Makala ikisomwa kijijini, atakayeulizwa ni yeye.

Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote sisi hupitia maandishi tukipigia mstari maneno madogo yanayoonyesha mtu amejuaje anachosema na ana uhakika kiasi gani: nilisikia, wanasema, nadhani, labda, sikumwona. Haya mara nyingi huonekana kama takataka za mazungumzo, na ndiyo ya mwisho kufutwa.

Baada ya hapo kusafisha kunakuwa rahisi. "Eeh" inatoka, "yaani" zote mbili zinatoka, na "nika, nikauza" inakuwa "nikauza". Lakini "Kesho ikapita. Keshokutwa ikapita" inabaki. Zote zinaonekana kama marudio ukiangalia karatasi tu. Sikio ndilo linalotofautisha. Pale ulimi ulipojikwaa, sauti hukatika na kuanza upya. Pale anaporudia kwa makusudi, sauti hutulia, na unasikia kabisa kwamba anakuhesabia siku. Ndiyo maana hatuhariri bila rekodi kuwa karibu.

Yanayobaki ni haya: "Tulivuna vizuri. Yule mnunuzi akaja, akasema kesho nakuja na gari. Kesho ikapita. Keshokutwa ikapita. Zabibu, mwanangu, haikungoji. Wengine walisema amepata za bei rahisi kule, mimi sikumwona. Basi nikauza kwa ndoo, barabarani. Nilipata kidogo tu, lakini ada ya mtoto ililipwa. Si kwamba nalalamika."

Mwaka tumeuondoa ndani ya alama za kunukuu, lakini hatukuutupa. Mwandishi atasema kwa maneno yake mwenyewe, nje ya nukuu, kwamba mama hakumbuki vizuri ulikuwa mwaka upi. "Mwanangu" tumeiacha mara moja, kwa sababu inaonyesha ni mtu mzima anayemweleza kijana. Kama aliisema mara kumi, nyingine zinaweza kutoka.

Tunaulizwa sana kuhusu sarufi na Kigogo. Mtu akisalimia "mbukwenyi", tunaiacha na kueleza katika sentensi hiyohiyo kwamba ni salamu. Kuhusu makosa ya sarufi tuna kanuni moja: tunachomfanyia bwana shamba tunamfanyia na mkulima. Ni aibu kumnyooshea ofisa sentensi zake halafu kumwacha mama wa kijijini na kila kosa, eti ndiyo "sauti yake".

Hatari kubwa zaidi iko katika kupanga. Mazungumzo huruka huku na huko, na makala inataka mfuatano, kwa hiyo vipande huhamishwa. Tuseme dakika ya 38 mama anasema, "Alime, ila asitegemee mtu mmoja." Ukikiweka kipande hicho mara baada ya habari ya mnunuzi, kila msomaji ataelewa kwamba anamsema mnunuzi. Rudi kwenye swali: aliulizwa angemshauri nini kijana anayetafuta kibarua wa kupogolea mizabibu. Hakuna neno hata moja lililobadilishwa, na maana imegeuka. Jibu likihamishwa, swali lake lihame nalo, hata kwa ufupi: "Kuhusu vibarua, anasema…"

Kazi hii si ya magazeti tu. Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi maisha ya wanawake watatu wa Mombasa miaka ya 1970: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na mwaka 1991 likatoka toleo la Kiswahili, lugha waliyozungumza wanawake hao. Kwa toleo hilo, hata jirani wa Mombasa asiyejua Kiingereza aliweza kusoma na kupima kama ndivyo wanavyozungumza.

Kwetu kipimo ni simu. Kabla ya kuchapisha tunampigia msemaji na kumsomea nukuu zake polepole, pamoja na sentensi zinazozitangulia, maana nukuu sahihi ikitanguliwa na maelezo mabaya bado humdhuru. Akisema "ndoo zilikuwa nane, si sita", tunasahihisha. Akisema jina fulani litamletea ugomvi, tunaliondoa. Akitaka kufuta alilolisema wazi kwa sababu tu limemchosha, tunazungumza kwanza. Na akinyamaza kidogo kisha akasema "sawa tu", hatuendelei. Tunamuuliza ni sentensi gani iliyomfanya anyamaze.