Ushuru wa Sigara na Historia ya Magendo katika Mpaka wa Busia na Tororo
Ushuru wa sigara hukusudiwa kupandisha bei ili uvutaji upungue. Katika Busia, na Malaba wilayani Tororo, kusudio hilo hukutana na mpaka wenye historia ndefu ya magendo. Katika miaka ya 1970, kahawa ya Uganda ilivushwa kwenda Kenya kwa kuwa huko ilipata bei bora. Sigara za magendo nazo hufuata mwelekeo huohuo, kwani ushuru wa Uganda uko chini ya ule wa Kenya. Mwaka 2013 Kenya ilianzisha stempu zinazofuatiliwa kielektroniki. Uganda ikafuata mwaka 2019. Stempu humwonyesha mkaguzi pakiti isiyolipiwa ushuru, lakini haiondoi tofauti ya bei. Viwango visipokaribiana, ongezeko la upande mmoja huweza kumhamishia mvutaji kwa muuzaji mwingine badala ya kumwachisha sigara.